Tone la Bati Kabla ya Tone la Zambarau

Anayetazama kwa mara ya kwanza upimaji wa chuma kwa pamanganeti huelekeza macho kwenye bureti. Nani atamlaumu? Kioevu cha zambarau iliyokolea kinadondoka kwenye flaski, kila tone likigusa linapotea, mpaka linafika tone moja lisilopotea na flaski nzima inageuka waridi hafifu. Ni mandhari ya kupendeza, na ndiyo inayopigwa picha. Lakini mtu aliyeifanya kazi hii kwa muda hujua kwamba waridi ile inatangaza tu matokeo ya kazi iliyokwisha kufanyika. Jibu liliamuliwa dakika kumi kabla, wakati fundi sanifu wa maabara alipokuwa ameinama juu ya bikari ya moto, kidripu cha kloraidi ya bati mkononi, akitafuta mahali ambapo umanjano unaisha.

Pamanganeti hunyang'anya elektroni. Ayoni moja ya pamanganeti, ikiwa ndani ya asidi, hunyang'anya elektroni tano, yaani moja kutoka kwa kila ayoni ya ferasi, na kuzigeuza ayoni zote tano kuwa feriki. Ferasi ni chuma chenye chaji mbili, feriki ni chuma chenye chaji tatu. Feriki haina cha kutoa, kwa hiyo pamanganeti hupita kando yake kana kwamba haipo. Tatizo ni kwamba mawe ya chuma tunayochimba yamejaa feriki. Hematiti, lile jiwe jekundu, ni feriki tupu. Magnetiti, jeusi linalovutwa na sumaku, ina feriki mbili kwa kila ferasi moja. Ukiyayeyusha mawe hayo na kuyapeleka moja kwa moja kwenye bureti, hematiti itakupa jibu kwamba haina chuma kabisa.

Ndiyo maana kabla ya kupima chochote, chuma chote kinapaswa kushushwa hadi ferasi. Na hapo mpimaji anabanwa pande mbili. Akiacha feriki kidogo, jibu litakuwa dogo kuliko ukweli. Akimimina kishushio kwa wingi ili awe na hakika, kile kinachosalia kitakwenda nacho kupokonywa elektroni na pamanganeti, na jibu litakuwa kubwa kuliko ukweli. Anatakiwa kushusha kila chembe ya chuma, kisha asiache kwenye flaski kitu kingine chenye elektroni za kutoa. Ustadi wote ninaousifu hapa umo katika sharti hilo la pili.

Kidonge cha kuongeza damu kinaonyesha jambo hili kwa urahisi zaidi kuliko jiwe. Kidonge cha kawaida cha ferasi salfeti chenye miligramu 200 hubeba takriban miligramu 65 za chuma, na kikiwa kipya karibu chuma chote ni ferasi tayari. Kikikaa kwenye unyevu, hewa hukioksidisha na kidonge hubadilika kuwa na madoa ya kahawia. Sasa, ukisaga kidonge hicho, ukakiyeyusha katika asidi sulfuriki nyepesi na kukipima bila kushusha, utapata ferasi iliyobaki. Ukichukua sehemu nyingine ya unga uleule ukaishusha kwanza, utapata chuma chote. Tofauti ya majibu hayo mawili ni kile kilichooza. Ni jaribio zuri la kufundishia, ila lina dosari moja: sukari na viungo vya kugandishia kidonge navyo hupokonywa elektroni na pamanganeti polepole, hivyo waridi hufifia na fundi huongeza tone juu ya tone. Kwa sababu hiyo vitabu vya viwango vya dawa hupendelea chumvi ya seriamu yenye kiashiria cha feroini, ambayo haina ulafi wa namna hiyo. Pamanganeti ilizaliwa kwa ajili ya mawe. Mkemia Mfaransa Margueritte ndiye aliyeitumia kupimia chuma mwaka 1846, na nitaifuata huko kwenye mawe.

Jiwe kwanza husagwa mpaka liwe unga laini usiokwaruza kati ya vidole, hukaushwa kwa nyuzijoto 105, kisha hupimwa kama robo gramu kwenye mizani ya nukta nne. Unga huwekwa kwenye bikari pamoja na asidi hidrokloriki kali, bikari hufunikwa kwa kioo cha saa, na joto huwekwa chini ya kiwango cha kuchemka. Haraka hapa ni hasara, kwa sababu kloraidi ya feriki ina tabia ya kuondoka na mvuke asidi ikichemka sana au ikikauka. Hematiti ngumu inaweza kuchukua saa nzima. Hapo mafundi wana hila moja ninayoipenda: wanadondosha matone machache ya kloraidi ya bati tangu mwanzo, na jiwe lililokuwa linajivuta linaanza kuyeyuka, kwani oksaidi ya chuma hulegea haraka pale feriki ya juu ya chembe inaposhushwa. Mwishowe chini ya bikari hubaki mchanga mweupe. Huo ni silika na haudhuru. Kama masalia ni meusi au mekundu, chuma bado kimejificha humo, na itabidi yachujwe na kuyeyushwa kwa soda au kwa peroksaidi ya sodiamu kwenye kalibu.

Myeyusho unaopatikana ni wa manjano iliyokolea, karibu na rangi ya machungwa. Hiyo ni rangi ya feriki iliyozungukwa na kloraidi, na ndiyo dira ya fundi. Feriki ikishuka kuwa ferasi, umanjano hutoweka na kubaki ukijani hafifu sana, ambao jicho lisilozoea litasema ni maji. Hakuna kiashiria kinachoongezwa. Chuma chenyewe kinasema kimebaki kiasi gani.

Kloraidi ya bati haidumu. Hewa huiharibu, ndiyo maana chupa yake huwa na asidi ya kutosha na kipande cha bati safi kimelala chini, kinachorudisha kile ambacho hewa imekigeuza. Fundi makini hutazama kwanza kama kipande hicho bado kipo. Kisha huipasha bikari joto, kwa sababu kwenye baridi bati hufanya kazi taratibu na rangi ya feriki nayo ni hafifu kuonekana. Huiweka juu ya kigae cheupe. Matone ya mwanzo huingia mfululizo: machungwa inakuwa manjano, manjano inakuwa rangi ya majani makavu. Halafu mkono unapunguza mwendo. Tone moja, tikisa, subiri, tazama. Tone jingine, tikisa, subiri. Asiyejua atadhani mtu huyu anasitasita. Anasubiri kwa sababu tone la bati linahitaji sekunde kadhaa kumaliza kazi yake, na anayeongeza tone la pili kabla la kwanza halijamaliza atavuka mpaka bila kuuona.

Umanjano unapotoweka, fundi huongeza tone moja au mawili tu, kisha anaweka chupa chini. Hayo matone mawili ndiyo bima yake kwamba hakuna feriki iliyobaki. Ndiyo pia deni lake, maana sasa kuna bati ya ziada ndani ya flaski na pamanganeti itailipisha.

Njia ya zamani ya kulifuta deni hilo ni kloraidi ya zebaki. Bikari hupozwa mpaka iwe baridi kama maji ya bomba, kisha mililita kumi hivi za myeyusho wa zebaki humiminwa kwa mkupuo mmoja huku bikari ikizungushwa. Bati ya ziada hugeuzwa, na zebaki hushuka kuwa kalomeli, unga mweupe unaong'aa kama hariri ukielea majini. Kalomeli na pamanganeti hazigusani kwa haraka, kwa hiyo titresheni inaweza kuendelea juu yake.

Hapa ndipo kazi inapojihukumu yenyewe, na sijaona njia nyingine ya kupima inayosema ukweli waziwazi namna hii. Kama hakuna unga wowote uliotokea, maana yake hapakuwa na bati ya ziada, hivyo yawezekana feriki imebaki: sampuli hiyo hutupwa. Kama unga ni mwingi, au una rangi ya kijivu, au mbaya zaidi ni mweusi, basi bati ilizidi mno na imeishusha zebaki mpaka ikawa metali. Metali hiyo iliyotawanyika kwa chembe ndogo hula pamanganeti. Sampuli hiyo nayo hutupwa. Kinachotakiwa ni wingu jembamba jeupe. Kumimina zebaki polepole kunaleta weusi uleule hata kama bati ilikuwa sawa, kwa sababu mahali tone la kwanza lilipoangukia bati inakuwa nyingi kuliko zebaki. Ndiyo sababu ya mkupuo mmoja. Joto nalo huleta weusi huo, na ndiyo sababu ya kupoza kwanza.

Zebaki, bila shaka, ni sumu, na taka zake hazimwagwi kwenye sinki hata tone. Hukusanywa kwenye mtungi wake wenye jina. Maabara nyingi za migodi siku hizi zimeiacha kabisa: hushusha sehemu kubwa ya feriki kwa bati huku zikiacha umanjano kidogo kwa makusudi, halafu humalizia kwa kloraidi ya titani yenye chaji tatu, zikiwa zimetia chumvi kidogo ya tungsteni inayogeuka buluu pale titani inapozidi. Buluu hiyo hufutwa kwa kioksidishi chepesi kabla ya kupima. Ni salama zaidi na nadhani kila anayeweza kuifuata aifuate. Lakini jicho linalotafuta mwisho wa umanjano ni lilelile.

Baada ya kalomeli kutulia kwa dakika mbili tatu, sampuli haipaswi kusubiri tena. Ferasi ikikaa hewani inarudi kidogokidogo kuwa feriki. Anayeshusha bikari sita pamoja ili apime zote kwa mpigo atagundua kwamba ya sita ina chuma pungufu kuliko ya kwanza, ingawa zilitoka kwenye unga mmoja. Mafundi wazuri hushusha moja, wanapima moja.

Kuna adui mmoja aliyebaki, naye ni asidi hidrokloriki yenyewe. Pamanganeti ikiwa peke yake huvumilia kloraidi, lakini mbele ya chuma kinachooksidishwa huanza kuipokonya kloraidi nayo, na gesi ya klorini hutoroka ikiwa imebeba sehemu ya hesabu. Matone yaliyopotea hivyo husomwa kama chuma ambacho hakipo. Dawa yake ilipatikana katika miaka ya 1880 kwa kazi ya wakemia wawili wa Kijerumani, Zimmermann na Reinhardt, na mchanganyiko huo bado unabeba majina yao: salfeti ya manganizi, asidi sulfuriki na asidi fosforiki. Mililita 25 zinatosha. Manganizi iliyotiwa kwa wingi huizuia pamanganeti isiigeukie kloraidi. Asidi fosforiki huishika feriki inayozaliwa wakati wa titresheni na kuiondolea rangi. Bila hiyo, myeyusho ungekuwa unazidi kuwa wa manjano kadiri unavyopima, na waridi ya mwisho ingezama kwenye manjano ikaonekana kama machungwa mabovu.

Myeyusho huongezewa maji, na sasa bureti inapata zamu yake. Inafaa iwe na bomba la kioo, kwa sababu mpira wa zamani wa kubana hula pamanganeti. Husomwa kwenye ukingo wa juu wa kioevu, kinyume na desturi, maana zambarau ni nzito mno mtu kuona upinde wa chini. Matone huingia polepole, na karibu na mwisho huingia moja moja. Waridi ikidumu nusu dakika, basi. Baadaye itafifia yenyewe, na anayeifukuza kwa tone jingine anapima subira yake, hapimi chuma.

Kabla ya yote hayo pamanganeti yenyewe imekwisha kupimwa, kwa kuwa haiaminiki kwa uzito. Gramu 3.2 hivi huyeyushwa katika lita moja ya maji, huchemshwa ili vumbi na uchafu wa maji vile vilivyo na njaa ya kuoksidishwa viishe, huachwa usiku, kisha huchujwa kwa kichujio cha kioo. Karatasi haifai, kwani nayo huliwa. Chembe za kahawia za oksaidi ya manganizi zikiachwa ndani huendelea kuivunja pamanganeti ndani ya chupa, hata gizani. Nguvu yake hutafutwa kwa oksaleti ya sodiamu iliyo safi, katika asidi sulfuriki yenye joto. Tone la kwanza hapo huwatisha wanafunzi: linakaa na zambarau yake bila kufifia, kana kwamba mwisho umefika. Wenye uzoefu wanaliacha. Mara linapofifia limezaa manganizi, na manganizi hiyo huharakisha matone yote yanayofuata.

Tuchukue hesabu moja mpaka mwisho. Oksaleti iliyopimwa ni gramu 0.2010, ambayo ni milimoli 1.500. Milimoli mbili za pamanganeti hutosha tano za oksaleti, kwa hiyo zilihitajika milimoli 0.600. Bureti ilisoma mililita 29.90, jaribio tupu lisilo na oksaleti lilitumia 0.05, zikabaki 29.85. Nguvu ya pamanganeti ni 0.600 kugawa kwa 29.85, yaani milimoli 0.02010 kwa kila mililita. Kila milimoli ya pamanganeti hukutana na tano za chuma, na milimoli ya chuma ina miligramu 55.845, kwa hiyo mililita moja ya bureti hii ni sawa na miligramu 5.613 za chuma. Sasa hematiti: unga wa gramu 0.2500 ulitumia mililita 28.40, tukatoa 0.05 za jaribio tupu zikabaki 28.35. Zidisha kwa 5.613 upate miligramu 159.1. Jiwe lina chuma asilimia 63.65. Hematiti safi kabisa ingekuwa na 69.94, hivyo jibu linaingia akilini: jiwe zuri lenye silika kidogo.

Tone moja la bureti ni kama mililita 0.05. Katika hesabu hii tone hilo ni sehemu 0.11 za asilimia ya chuma. Kosa la tone mwishoni, basi, ni dogo na linajulikana ukubwa wake. Kosa la kuvuka umanjano halina kipimo kama hicho, na namba zilizoandikwa kwenye daftari haziwezi kukuonyesha kwamba lilitokea. Ni wingu jeupe pekee lililolishuhudia.

Kuchagua kishushio nako kuna uzito wake, na Watanzania tuna jiwe linalolifundisha hilo vizuri. Chuma cha Liganga, wilayani Ludewa mkoani Njombe, ni magnetiti iliyochanganyika na titani na vanadi. Jiwe la namna hiyo haliyeyuki vizuri kwa asidi hidrokloriki peke yake, linahitaji kalibu. Mwenye haraka anaweza kufikiri kuepuka bati na zebaki kwa kupitisha myeyusho, ukiwa katika asidi sulfuriki, kwenye mrija uliojaa zinki iliyopakwa zebaki, ule uitwao kishushio cha Jones. Kwa hematiti safi mrija huo ni kazi nadhifu. Kwa jiwe la Liganga ni mtego, kwa sababu zinki ina nguvu mno. Haishii kwenye chuma. Huishusha titani hadi chaji tatu na vanadi hadi chaji mbili, na zote mbili husubiri pamanganeti pamoja na chuma.

Tuseme jiwe lina oksaidi ya titani asilimia 12. Kila ayoni ya titani itahesabiwa kama ayoni moja ya chuma, na asilimia hiyo 12 itaongeza kwenye jibu chuma cha uongo cha asilimia 8.4. Jiwe lenye 50 litaandikwa 58. Oksaidi ya vanadi ikiwa asilimia 0.7 tu itaongeza nyingine 1.3, kwa kuwa kila vanadi inatoa elektroni tatu. Bati haina nguvu hiyo. Inaishusha feriki, lakini titani inaiacha ilivyo. Vanadi inashuka hatua moja tu, hadi chaji nne, na hurudi juu polepole wakati wa kupima. Dalili yake ni waridi inayofifia mapema na kukudai tone jingine, kisha jingine. Ukiiacha iwe hivyo, ile asilimia 0.7 inaweza kukuongezea karibu 0.4. Kwa hiyo vanadi hutolewa mwanzoni: unga ulioyeyushwa kwa peroksaidi ya sodiamu huoshwa kwa maji, vanadi huondoka na maji hayo, chuma na titani hubaki kwenye kichujio. Masalia hayo ndiyo yanayoyeyushwa kwa asidi hidrokloriki na kupelekwa kwa bati. Jiwe lenye shaba lina mtego wake pia, kwani bati huishusha shaba, nayo inapaswa kutengwa kwanza.

Udhaifu wa bati ndio unaoifanya ifae. Inashusha kinachohitajika na haina nguvu ya kwenda mbali zaidi, mradi mkono unaoishika unajua kusimama.

Ukiletewa cheti cha maabara kinachosema jiwe la Ludewa lina chuma asilimia kadhaa, usianze na namba hiyo. Uliza kwanza chuma kilishushwa kwa kitu gani, na vanadi ilitolewa lini. Kama cheti hakisemi, rudisha sampuli ipimwe upya.